Gugumaji la Ziwa Victoria na Mfuko Wako wa Mbolea: Mazungumzo ya Dakika Kumi

Hii hapa ni hotuba niliyoiandaa kwa ajili ya kikundi cha vijana hapa Mwazye. Nimepewa dakika kumi tu, kwa hiyo siku yenyewe nitafupisha hapa na pale, lakini humu naiweka yote ili aliye mbali naye aipate. Soma taratibu, hesabu zake unaweza kuzirudia mwenyewe na kalamu.

Kwa nini niwasimulie habari za ziwa la Mwanza?

Vijana, shikamooni wakubwa mliopo, na wenzangu mambo vipi. Najua kuna mtu anajiuliza: sisi tuko Ufipa, juu kabisa kwenye uwanda, tunalima mahindi na maharage, gugumaji la Ziwa Victoria linatuhusu nini?

Linatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wenu mmeanza kuchimba mabwawa ya samaki na malambo ya kumwagilia, na tayari nimeulizwa na vijana wawili kama wanaweza kuagiza gugumaji kutoka Mwanza, mmoja alishie nguruwe, mwingine aweke bwawani lisafishe maji. Ya pili, maji ya uwanda wetu hayakai hapa. Upande mmoja yanateremka Ziwa Tanganyika, upande mwingine Ziwa Rukwa. Kinachotoka shambani kwako, huko ndiko kinakoenda. Sasa tuone Ziwa Victoria lilipatwa na nini, halafu tutarudi kwenye mashamba yetu.

Mmea wenyewe

Asili ya gugumaji ni Amerika Kusini, bonde la mto Amazoni. Lina majani ya mviringo, ya kijani yanayong'aa, na ua zuri la zambarau. Hilo ua ndilo lililolisambaza duniani, maana watu walilichukua kama pambo la kuweka kwenye bwawa la bustani. Kikonyo cha jani kimevimba kama sponji, ndani kimejaa hewa, ndiyo maana linaelea. Mizizi yake haishiki udongo. Inaning'inia majini kama manyoya meusi na kufyonza chakula kilichoyeyuka humo.

Hapo tuelewane vizuri. Mahindi yako yanakula kutoka kwenye udongo, gugumaji linakula kutoka kwenye maji. Likikuta maji yasiyo na chakula, linadumaa na kuwa la njano. Likikuta maji yenye naitrojeni na fosforasi nyingi, linalipuka.

Linazaana kwa njia mbili. Mmea mama unatoa vitawi vinavyotambaa juu ya maji, na kila kitawi kinabeba mtoto. Mtoto akikatika anaelea zake na kuanza ukoo mwingine. Njia ya pili ni mbegu. Mbegu zinazama kwenye tope na zinaweza kukaa miaka 15 hadi 20 zikiwa bado hai. Maji yakipungua na jua likafika kwenye tope, zinaota.

Hesabu ya bwawa moja

Kwenye joto zuri na chakula cha kutosha, gugumaji linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki moja hadi mbili. Tuchukue wiki mbili, tusitie chumvi. Una bwawa la mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Umeweka gugumaji la mita ya mraba moja pembeni, la majaribio.

Baada ya wiki 2 ni mita 2. Wiki ya 4 ni 4, wiki ya 6 ni 8, wiki ya 8 ni 16, wiki ya 10 ni 32. Wiki kumi zimepita, miezi miwili na nusu, na bado bwawa lako liko wazi karibu lote. Unaonyesha wageni, unasema tazama ua lilivyo zuri. Wiki ya 12 ni 64, wiki ya 14 ni 128, wiki ya 16 ni 256. Hapo bado halijafika nusu. Wiki ya 18 ni 512, na siku chache baadaye bwawa limefungwa lote.

Umeona mtego ulipo? Kutoka chini ya nusu hadi kujaa ni wiki mbili na ushee tu. Mtu anayengoja mpaka aone ni tatizo, anakuwa amechelewa. Ndicho kilichotokea Ziwa Victoria, tena kwa kipimo cha ziwa lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800.

Ziwa lilivyofungwa, 1989 hadi 1998

Tanzania tulikuwa na gugumaji kabla ya hapo. Tangu miaka ya 1950 lilikuwa limeonekana kwenye mito ya Sigi na Pangani, kule Tanga. Lakini kwenye Ziwa Victoria lilianza kuripotiwa mwaka 1989. Mlango wake mkubwa ulikuwa Mto Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi na kuyamwaga ziwani. Kila siku mto ulileta vipande vipya, kwa hiyo hata ungesafisha ufuko leo, kesho mgeni mwingine alikuwa njiani.

Kisha upepo ukafanya kazi yake. Magugumaji yanasukumwa kama jahazi, yakakusanyika kwenye ghuba zilizokingwa na mawimbi, na ghuba hizo ndizo zenye miji: Kisumu, Mwanza, Kampala na Jinja. Miji ndiyo inayotoa majitaka. Yaani upepo ulilipeleka gugu hasa pale chakula kilipo kingi.

Kufikia 1998 hali ilikuwa mbaya kweli. Upande wa Kenya peke yake, kwenye Ghuba ya Winam pale Kisumu, picha za setilaiti zilionyesha zaidi ya hekta 17,000 zimefunikwa. Mitumbwi ilishindwa kutoka. Meli zilikwama bandarini. Kule Jinja, kwenye bwawa la umeme la Owen Falls, magugu yalizonga mitambo. Chini ya mkeka mwanga haupiti, majani yanayokufa yanaoza na kumaliza hewa ya oksijeni, samaki wanahama au wanakufa. Konokono wanaobeba kichocho nao wanapata mahali pazuri pa kujishikiza.

Kwa nini hawakuling'oa tu?

Swali hili naulizwa kila mara. Walijaribu, kwa mikono na kwa mashine. Shida ni uzito.

Mkeka mnene wa gugumaji unaweza kufika tani 400 kwa hekta, likiwa bichi. Hiyo ni kilo 40 kwa kila mita ya mraba. Na katika kilo 100 za gugumaji, karibu 95 ni maji matupu. Rudi kwenye bwawa lako la mita 600: ni tani 24. Kwa Fuso ya tani 7 ni safari tatu na nusu, na ukikausha huo mzigo wote unabaki na tani moja na kidogo. Umelipia dizeli kusafirisha maji.

Sasa hekta moja nene ni Fuso 57. Zidisha kwa hekta 17,000, unakaribia safari milioni moja. Na wakati unapakia, gugu linaendelea kuzaa. Kung'oa kunafaa sehemu ndogo yenye thamani kubwa, kama mwalo wa samaki, bandari, au mdomo wa bomba la maji. Kwa ziwa zima hakuna nchi inayoweza.

Dawa za kuua magugu nazo zinaliua gugumaji, si uongo. Lakini linazama lote kwa mkupuo, linaoza, oksijeni inaisha. Na haya ni maji ya watu kunywa na samaki wa kuuza. Kwa hiyo nguvu kubwa ilipelekwa kwingine.

Mdudu mdogo wa milimeta tano

Nyote mnamjua fukusi wa mahindi ghalani. Gugumaji nalo lina fukusi wake, wa aina mbili, wote wametoka kwao Amerika Kusini. Mmoja ana mabaka mgongoni, mwingine ana alama kama herufi V. Kabla ya kuachiwa walipimwa kwanza kwenye mimea mingine, ikiwemo mazao, kuhakikisha kwamba wanategemea gugumaji ili waishi. Uganda ilianza kuwaachia Desemba 1995, Kenya mwanzoni mwa 1997, na Tanzania baadaye mwaka huo huo, wakati nchi zote tatu zikiwa chini ya mradi wa pamoja wa kutunza mazingira ya ziwa.

Anavyofanya kazi ni hivi. Fukusi mkubwa anakwangua jani na kuacha vidonda vidogo vya mraba vya milimeta chache. Hivyo peke yake havimuui mmea. Lakini anataga mayai ndani ya kikonyo, na funza akitoka anachimba handaki kushuka hadi kwenye moyo wa mmea, pale majani mapya yanapochipukia. Maji yanaingia kwenye yale mahandaki, sponji inajaa maji, kuoza kunaanza. Funza anamalizia kwa kujifungia kwenye mizizi chini ya maji mpaka anakuwa fukusi kamili. Mzunguko wote unachukua takribani miezi mitatu.

Utajuaje kama fukusi wanafanya kazi? Usitazame eneo lililofunikwa, maana mwanzoni halipungui. Tazama mmea mmoja mmoja. Majani yana vidonda vingi, vikonyo vina rangi ya kahawia, mimea imekuwa mifupi kuliko mwaka jana, maua yamepungua, na mkeka umelala chini badala ya kusimama. Ukiona hivyo, mkeka unakaribia kuzama hata kama bado umefunika.

Kati ya 1998 na 2000 mikeka mikubwa ya Ziwa Victoria ilianguka. Wataalamu hawakubaliani wote juu ya sababu. Wapo wanaompa fukusi sifa yote. Wengine wanasema mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilisaidia sana, kwa sababu mawingu mengi yalipunguza mwanga, maji yakapanda na mawimbi yakavunja mikeka. Kwa maoni yangu yote mawili yanaingiana: mmea uliokwisha tobolewa na funza hauwezi kuhimili mawimbi kama mmea mzima.

Fukusi ana mipaka yake pia. Anahitaji miaka kadhaa, mara nyingi mitatu hadi mitano. Mkeka ukizama anazama nao, kwa hiyo mbegu zikiota upya, gugu linaanza mbio likiwa mbele na mdudu yuko nyuma. Watu waking'oa mimea hovyo wanamtupa mdudu pamoja nayo. Na mahali ambapo maji yana chakula kingi mno, mmea unatoa majani haraka kuliko funza anavyoyamaliza. Ndiyo maana baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, zilizoshusha udongo na virutubisho vingi ziwani, gugumaji lilirudi kwa kishindo Ghuba ya Winam.

Gugu jipya, mdudu wa zamani

Mwanzoni mwa 2025 mlisikia vivuko vya Kigongo na Busisi, kwenye Ghuba ya Mwanza, vikizongwa na magugu na abiria kukwama. Wengi walisema gugumaji limerudi. Lakini gugu lililotajwa pale ni jingine, linaitwa salvinia. Hili ni jamii ya madege, halina ua wala mbegu. Majani yake ni madogo, yana vinyweleo juu, na yakibanana yanajikunja kama kitabu kilichofunguliwa nusu.

Kwa nini kutofautisha ni muhimu? Kwa sababu fukusi wa gugumaji hawamalizi salvinia. Salvinia ina fukusi wake mwingine kabisa. Ni sawasawa na kupuliza dawa ya kuvu kwenye mahindi yenye viwavijeshi: umetumia pesa, mdudu anaendelea kula. Kwa hiyo ukiona mmea usiojulikana unaelea kwenye lambo lako, piga picha karibu, majani na mizizi, uonyeshe afisa ugani kabla ya kufanya lolote.

Lakini jambo moja magugu haya mawili yanafanana: yote yanakula kutoka kwenye maji. Ukiondoa moja na kuacha chakula kibaki, umeandaa meza kwa jingine. Ziwa Victoria limetufundisha hilo kwa miaka zaidi ya 30.

Mfuko wako wa DAP

Chakula hicho kinatoka wapi? Majitaka ya miji, viwanda, moshi na vumbi la mioto linaloshuka na mvua, na udongo wa mashamba. Kwenye mji sisi hatuna mamlaka. Kwenye shamba tunayo.

Mfuko wa DAP wa kilo 50 una karibu kilo 10 za fosforasi halisi. Tukadirie kwamba gugumaji lililokaushwa lina fosforasi nusu asilimia, yaani kilo 5 katika kila tani. Kilo 10 zinatosha kujenga tani 2 za gugumaji kavu. Na kwa kuwa mbichi ni maji asilimia 95, hizo ni tani 40 bichi. Mfuko mmoja, tani 40. Bila shaka si mfuko wote unaofika ziwani, lakini sasa unajua kile kidogo kinachofika kina nguvu kiasi gani. Na wewe uliulipia.

Fosforasi inaondokaje shambani? Inashikamana na chembe za udongo, kwa hiyo inaondoka pale udongo unapoondoka. Ukiona maji ya mvua yanatoka shambani yakiwa mekundu, hiyo ni DAP yako inatembea. Urea ni tofauti, yenyewe inayeyuka na kuondoka hata na maji yanayoonekana masafi.

Kwa hiyo dawa ni mbili. DAP ifukie kwenye shimo, usiimwage juu, na lima kwa kukinga mteremko, matuta yakatize mwelekeo wa maji. Urea igawe, weka nusu mahindi yakifika magotini na nusu kabla ya kutoa mbelewele, kila mara uifukie kwenye udongo wenye unyevu, na usiiweke ukiona wingu zito la mvua kubwa. Kando ya mto acha nyasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa zisifanyiwe shughuli za kudumu. Ule ukanda wa nyasi ndio chujio linalodaka udongo kabla haujaingia mtoni.

Jibu langu kwa wale wawili

Wa nguruwe: ili umpe nguruwe kilo moja ya chakula kikavu, lazima umlishe kilo 20 za gugumaji bichi. Tumbo lake halina nafasi hiyo, na mmea wenyewe una chembe zinazowasha mdomo. Majani ya viazi vitamu yanakushinda nini?

Wa kusafisha bwawa: ni kweli linafyonza uchafu, lakini uchafu unatoka tu pale unapolivuna na kulitoa. Likifia humo humo linarudisha kila kitu na kumaliza oksijeni. Mvua kubwa ikija bwawa linafurika, kitawi kimoja kinaingia kijitoni, na kijito kinajua njia ya ziwani.

Kuna wanaosema linatengeneza mboji nzuri. Walioko Mwanza na Kisumu wafanye hivyo, kwa mmea ambao haujatoa maua, na rundo lipate joto la kutosha kuua mbegu. Sisi hatuna haja ya kulisafirisha. Wafipa wamekuwa wakifukia nyasi kwenye ntumba zikaoza kuwa mbolea tangu enzi za mababu, na nyasi tunazo tele.

Ukilikuta tayari liko kwenye lambo lako, litoe likiwa bado la mita moja au mbili. Toa mmea mzima na mizizi yake, lianike mbali na maji mpaka likauke kabisa, kisha rudi kukagua kila wiki. Maji yakipungua kiangazi tazama tope la pembeni kama kuna miche, na uendelee hivyo miaka kadhaa, maana mbegu zina subira.

Dakika zangu kumi zimeisha. Aliye na swali aulize, na aliye na lambo aniambie lini nije tulizunguke pamoja.